Ndugu anakuja Moshi Desemba: Malarone au Lariam, aanze lini na aache lini

Wiki iliyopita nimekaa kwenye simu karibu saa zima na binamu yangu anayeishi Ujerumani, anakuja Krismasi na daktari wa kule kamwambia achague mwenyewe kati ya dawa mbili za kuzuia malaria. Mi nina famasi hapa Moshi na kila Novemba naulizwa haya haya, kwa hiyo naandika hatua kwa hatua kama nilivyompeleka yeye.

Hatua ya 1: akubali kwamba sasa ni mgeni

Binamu alianza na "mi nimekulia Pasua, malaria nimeumwa mpaka imenizoea". Ana miaka 11 nje. Ile kinga ya kuumwa-umwa inashuka ukikaa mbali na mbu, kwa hiyo malaria ikimpata leo inaweza kumlaza vibaya kama mtu ambaye hajawahi kufika huku. Na wale wanaosema Moshi kuna baridi, baridi ni kule juu Marangu. Mjini tuko chini ya mita 1,000 na yeye anapitia Kahe, halafu Pangani kwa wakwe.

Hatua ya 2: maswali ya kichwa, kabla hujataja bei

Hapa usikimbie. Meflokwini, ndo hiyo Lariam, inamezwa mara moja kwa wiki, na watu wanaipenda kwa sababu hiyo. Lakini inaweza kugusa akili: ndoto za kutisha, kukosa usingizi, wasiwasi, huzuni, kuona watu wanakuwinda, mpaka mawazo ya kujiua. Inaweza pia kuleta kizunguzungu na masikio kuvuma, na kwa baadhi ya watu hayo hayaishi hata dawa ikiachwa. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo zito kabisa kwenye karatasi yake kwa ajili hiyo.

Kosa langu la zamani lilikuwa namna ya kuuliza. Nilikuwa nauliza "una ugonjwa wa akili?" na kila mtu anajibu hapana, nani atakubali kirahisi mbele ya foleni. Siku hizi namvuta mtu pembeni, au kwenye simu namwomba atoke sebuleni, halafu nauliza hivi: umewahi kupewa dawa za usingizi au za msongo? Kuna kipindi ulishindwa kwenda kazini kwa mawazo? Baada ya kujifungua ulikaaje? Umewahi kuanguka kifafa? Kuna aliyewahi kulazwa kwa kuchanganyikiwa kwenu? Moyo unakwenda sawa?

Binamu alijibu hapana mpaka swali la uzazi, akanyamaza kidogo, akasema "kaka, baada ya huyu wa pili nilitumia sertralini miezi minane, ila niliacha mwaka jana". Basi, hiyo ni dawa ya sonona, meflokwini imeishia hapo. Aliyewahi kupata sonona karibuni, wasiwasi wa kudumu, saikosisi au kifafa hapewi kwa ajili ya kinga, hata kama sasa anajisikia mzima kabisa.

Kwa nini nakazania hivi, kuna kijana, mdogo wake shemeji yangu, alikuja likizo na kliniki moja ya nje ilimpa meflokwini, akameza ya kwanza siku moja kabla ya kupanda ndege. Wiki ya pili hapa akawa halali, saa nane usiku anazunguka uani, anamwambia mama yake chakula kina kitu. Nyumbani wengine wakasema bangi, wengine wakaanza kuulizia mganga. Mi mwenyewe nilikaa naye jioni nzima nauliza kama anakunywa dawa yoyote, anasema hapana, kwa sababu kwake dawa ni kitu cha kila siku, na hiki anameza Jumapili tu. Mpaka mama yake alipoleta begi na tukaikuta pakiti mfuko wa pembeni, vidonge viwili vimetoka. Kwa hiyo uliza "kuna kidonge cha wiki?", na ukiweza shika pakiti kwa mkono wako.

Tulimpeleka kwa daktari usiku ule ule, akasimamishiwa. Sasa jueni kwamba meflokwini inakaa mwilini muda mrefu, inachukua wiki mbili mpaka nne nusu yake tu kutoka, kwa hiyo hakutulia kesho yake, ilichukua wiki kadhaa na hakuachwa alale peke yake. Na hakuachwa bila kinga, daktari alimhamishia atovakuoni-proguanili, ndo hiyo Malarone, kila siku. Kwa kuwa alikuwa amebakiza chini ya wiki tatu kuondoka, aliambiwa ameze wiki 4 kamili tangu siku ya kuhama. Dalili ya kwanza ikitokea, wasiwasi usioeleweka, kukosa utulivu, kuchanganyikiwa, kidonge kinachofuata hakimezwi, anaonwa na daktari.

Hatua ya 3: chagua

Kwa mtu mzima anayekaa wiki mbili tatu, mi nachagua atovakuoni-proguanili, yaani Malarone au nakala zake za bei nafuu, na sibembelezeki. Ni ghali zaidi, najua. Haifai kwa mwenye figo zilizochoka sana, na mjamzito kwa kawaida hapewi, huyo ndo daktari anaweza kumpa meflokwini kama maswali ya hatua ya 2 yamepita salama. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu au warfarini aseme kabla. Mtoto anapimwa kilo kwanza, vyake ni vidonge vidogo.

Hatua ya 4: tarehe

Chukua karatasi. Binamu anatua KIA tarehe 18 Desemba, anaondoka 8 Januari. Atovakuoni-proguanili inaanza siku moja au mbili kabla, kwa hiyo 17 Desemba, kidonge kimoja kila siku, halafu siku 7 baada ya kuondoka, mwisho 15 Januari. Hesabu: Desemba 15, Januari 15, jumla 30. Mi nimemwambia anunue viwili vya ziada.

Ingekuwa meflokwini, kidonge cha kwanza ni angalau wiki mbili kabla, na bora tatu, 27 Novemba, kwa sababu wengi itakayowasumbua inajionyesha ndani ya vidonge vitatu vya mwanzo, na ni heri ijionyeshe ukiwa kwako na kuna muda wa kubadili. Halafu kila Ijumaa mpaka 5 Februari, wiki 4 baada ya kuondoka, vidonge 11.

Tofauti ya kuacha inatoka kwenye ini. Mbu akikuuma usiku wa mwisho Pangani, vimelea vinakwenda kukaa kwenye ini kwanza. Atovakuoni-proguanili inaviua huko huko, ndo maana siku 7 zinatosha. Meflokwini haivifikii kwenye ini, inavisubiri vikitoka huko kuingia kwenye damu, na vinaweza kuchelewa. Anayeacha siku anashuka uwanja wa ndege ameacha mlango wazi, na hili ndo naliona kila Januari.

Hatua ya 5: kumeza

Saa ile ile kila siku, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, bila hivyo dawa haiingii vizuri. Mtori wenye maziwa unatosha. Akitapika ndani ya saa moja, anameza kingine, ndo maana ya vile viwili.

Hatua ya 6: homa baada ya kurudi

Hakuna dawa inayozuia kwa asilimia mia, chandarua kinabaki. Akipata homa huko Ujerumani, hasa miezi mitatu ya mwanzo, hata ndani ya mwaka mzima, aende siku hiyo hiyo, aseme "nilikuwa Tanzania" kabla hawajaandika mafua, apimwe damu. Na aonyeshe pakiti, kwa sababu dawa aliyojikingia siyo ya kumtibia.