Video ya kukariri aya fupi: pima vituo kabla ya kugusa maandishi

Mwongozo huu ni wa walimu wa shule ya Jumapili wanaotengeneza video kwa simu na kuionyesha darasani kwa projekta, au kuituma kwa wazazi kwenye WhatsApp. Mfano ni Zaburi 119:105: "Neno lako ni taa ya miguu yangu, na mwanga wa njia yangu." Ni fupi, ila ina mtego wake: watoto hubadilishana "taa" na "mwanga", na aya inageuka kuwa mwanga wa miguu.

Hatua ya 1: Kata aya kwa pumzi

Usikate pale mstari unapofika ukingoni mwa skrini. Kata pale msomaji anapovuta pumzi bila kuvunja maana. Hapa tunapata vipande vitatu:

Neno lako (silabi 4)
ni taa ya miguu yangu (silabi 9)
na mwanga wa njia yangu (silabi 8)

Kipande kisiishie kwenye "ni", "ya" wala "wa". Mtoto akizoea kupumua baada ya "ni taa ya", hatapumua kwingine tena.

Rejeo la aya nalo ni kipande chake. "Zaburi mia moja kumi na tisa, mia moja na tano" huwashinda wengi kuliko aya yenyewe. Litamkwe mwanzoni na mwishoni, kila mara na nafasi yake ya kurudia.

Hatua ya 2: Rekodi sauti

Chumba chenye mapazia au magodoro, simu umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, na isiwe saa ya mvua juu ya mabati. Soma polepole, kama silabi 5 kwa sekunde 2. Kipande kisicho cha mwisho usikishushe sauti mwishoni, maana msikilizaji ataona aya imekwisha. Kwa watoto wanaozungumza Kiganda, tamka "ta-a" kwa silabi mbili zilizo wazi, kwa sababu "ettaala" ya nyumbani iko karibu sana na huwavuta. "Mwanga" nalo wengine watacheka, wakimkumbuka Kabaka Mwanga, mfalme wa zamani wa Buganda. Waache wacheke, hawatalisahau.

Kabla hujaondoka, rekodi pia sekunde 30 za chumba kikiwa kimya. Utaona sababu yake hapa chini.

Hatua ya 3: Vituo

Hapa ndipo video nyingi zinapoharibika. Kituo ni ukimya unaowaachia watoto baada ya kila kipande ili warudie. Mtengenezaji huweka kituo kinacholingana na muda wake wa kusoma, kisha darasa linashindwa kumaliza. Kundi la watoto 30 ni zito kuliko mtu mmoja: linachelewa kuanza, na wa nyuma huwafuata wa mbele. Kanuni ninayoitetea ni hii: chukua muda wa sauti, zidisha kwa 1.5, kisha ongeza sekunde 1 ya kuvuta pumzi.

Kwa aya yetu, "Neno lako" huchukua sekunde 1.6, kwa hiyo kituo ni kama 3.5. "Ni taa ya miguu yangu" huchukua 3.6, na kituo ni kama 6.5. "Na mwanga wa njia yangu" ni 3.2, kituo kama 6. Aya nzima, pamoja na pumzi za katikati, ni kama sekunde 10, na kituo chake ni 16. Ukiwa peke yako mbele ya simu, sekunde 16 zitakuchosha na utashawishika kuzipunguza. Usizipunguze.

Jaribu na watoto wawili watatu kabla ya kumaliza. Kituo kikiwa kifupi, neno la mwisho humezwa na sauti yako inayofuata, na raundi ya pili wanaanza kuruka neno la kwanza ili wawahi. Kikiwa kirefu mno, minong'ono inaanza. Kituo kizuri huacha ukimya wa kama sekunde moja baada ya "yangu".

Usirefushe kituo kwa kupunguza kasi ya klipu ya sauti, maana sauti itavutika kama ya mlevi. Ingiza nafasi kati ya klipu. Nafasi hiyo isiwe tupu kabisa: baadhi ya spika za Bluetooth hujizima sauti zikikosa mawimbi, na zinapoamka humeza silabi ya kwanza. Darasa linasikia "...no lako". Ndiyo maana ulirekodi chumba kitupu. Kitandaze chini ya video nzima kwa sauti ndogo sana, ukikirudia hadi mwisho. Ukiwa na waya, tumia waya.

Jambo linalokula saa nyingi zaidi ni kuweka maandishi kabla vituo havijatulia. Ukiongeza nusu sekunde mwanzoni, maandishi yote ya mbele yanaachana na sauti, na utayasogeza moja moja. Kwa hiyo panga sauti yote kwanza, pamoja na vituo, uisikilize mwanzo hadi mwisho, kisha uihifadhi kama faili moja. Fungua mradi mpya, weka faili hilo, na usiliguse tena. CapCut inatosha kwa kazi hii. KineMaster ya bure huacha nembo yake juu ya video, nami siipendi.

Hatua ya 4: Maandishi

Herufi nyeusi juu ya rangi ya maziwa, kwa sababu kanisa lenye milango wazi huua maandishi meupe juu ya giza. Urefu wa herufi usipungue sehemu ya kumi ya urefu wa skrini. Usiweke mandhari inayotembea.

Neno lijitokeze zima, kidogo tu kabla ya kutamkwa. Mtindo wa herufi moja moja kama taipureta huwafanya watoto wasome silabi zilizokatika. Wakati wa kusikiliza maandishi yawe meusi, zamu ya kusema yageuke bluu, na mstari mwembamba chini ufupike hadi kituo kiishe. Usiweke tarakimu za kuhesabu kurudi nyuma, kwa kuwa watazihesabu hizo badala ya kukariri.

Hatua ya 5: Mpangilio wa marudio

Kipande cha kwanza mara 2, cha pili mara 3, kisha viwili pamoja mara 2. Cha tatu mara 3. Aya nzima mara 2. Hadi hapa mtoto anasoma tu, na video nyingi huishia hapo.

Raundi tatu za mwisho zamu inageuka: watazamaji wanasema kwanza, sauti yako inafuata kuwasahihisha. Raundi ya kwanza ficha "taa" na "mwanga" tu, weka mistari mitupu. Ya pili bakiza herufi za kwanza:

N l n t y m y, n m w n y

Ya tatu, skrini tupu. Bila kuhesabu rejeo, yote ni kama dakika 4. Wakiendelea kubadilishana maneno yale mawili, ongeza raundi moja kati ya ya kwanza na ya pili: picha ya taa karibu na nyayo, kisha picha ya njia iliyoangaziwa, bila neno lolote.

Hatua ya 6: Kuhifadhi

720p inatosha. Kwa WhatsApp, itume kama "Document", ili programu isiibane tena na kuzitia herufi ukungu.