Kila kitufe cha M-Pesa na kazi yake: maelezo kwa vijana wenye laini mpya

Mimi ni wakala wa M-Pesa hapa Kisauni, Mombasa, na klabu ya vijana ya mtaani hunialika kuzungumza na wanachama waliopata kitambulisho na laini zao za kwanza. Mazungumzo yenyewe ni mafupi. Tunafungua programu ya M-PESA ya Safaricom, kila mtu kwenye simu yake, tunapita kitufe kimoja baada ya kingine. Nimeyaandika hapa kwa mpangilio ule ule, ili asiyekuwepo naye afuate akiwa na simu mkononi.

Kabla ya kugusa kitufe chochote, jiulize mambo mawili: pesa zinakwenda kwa nani hasa, na ada analipa nani. Vitufe vingi vinafanana kwa kuwa vyote vinatoa pesa kwako, lakini majibu ya maswali haya yanatofautiana sana.

Hatua ya 1: Tazama salio, kisha tafuta kitufe ambacho hakipo

Ukishaingia kwa namba ya siri au alama ya kidole, juu utaona sehemu ya salio. Huwa limefichwa mpaka uliguse ulifunue. Liache limefichwa ukiwa ndani ya matatu au umesimama foleni, kwa sababu jirani yako ana macho.

Chini yake kuna vitufe vikubwa: `SEND AND REQUEST`, `PAY`, `WITHDRAW` na `AIRTIME`. Sasa nitafutie kitufe cha kuweka pesa taslimu. Vijana huperuzi kila pembe wasikipate, na hawakosei, kwa maana hakipo. Kuweka pesa ni kazi ya wakala: unampa noti, namba yako na kitambulisho, anafanya kwenye simu yake, nawe unapata ujumbe. Hugusi kitu. Huandiki namba ya siri. Hukatwi ada.

Nakaa sana hapa kwa sababu jambo hili ndilo litakalokulinda baadaye: kupokea pesa hakuhitaji namba ya siri. Skrini ikikuitisha PIN ili kumaliza muamala, pesa zinatoka kwako. Hata anayekuelekeza akiwa na sauti nzuri kiasi gani, hata akisema ni zawadi au ni mkopo umeidhinishwa, ukiandika zile tarakimu nne umekubali kutoa.

Hatua ya 2: `SEND AND REQUEST`, pesa za mtu kwa mtu

Gusa kitufe, chagua kutuma, andika namba au uichague kwenye orodha ya majina yako, kisha andika kiasi. Kabla ya PIN utaletewa ukurasa wa kuthibitisha. Hapo ndipo pa kusimama. Soma jina. Jina uliloandika wewe kwenye simu, kama vile "Mamu Duka", si ushahidi. Soma lile lililosajiliwa kwenye laini. Kama ulitarajia Mwanaisha na umeletewa Kevin, rudi nyuma.

Ada anayelipa ni mtumaji, na huongezwa juu ya kiasi. Mwenye shilingi 1,500 kamili hawezi kutuma 1,500. Kwa viwango vya sasa, kutuma kati ya 1,001 na 1,500 ni shilingi 23, kwa hiyo anahitaji 1,523.

Ukikosea namba, pesa zishakwenda. Wahi kuutuma ule ujumbe wa M-Pesa kwenda `456`, uombe muamala urudishwe. Kuwahi kuna maana yake: pesa zikiwa bado ziko kwenye laini ya aliyepokea, kuna la kushika. Akizitoa, mambo yanakuwa mazito.

Na upande wa pili je? Ukipigiwa simu na mtu anayesema amekosea akakutumia wewe, kwanza fungua programu utazame salio lenyewe, usiamini ujumbe peke yake. Ujumbe wa kweli huja kwa jina `MPESA`. Ukitoka kwenye namba ya kawaida ya simu, ni wa kubuni. Hata kama pesa zimeingia kweli, usimrudishie kwa kumtumia. Mwambie aombe kurudishiwa kupitia `456`. Ukimtumia kwa mkono wako, naye akawa ameshaomba kurudishiwa, unaweza kutoa mara mbili.

Hatua ya 3: `PAY`, kitufe chenye milango mitatu

Hiki ndicho kinachowachanganya wengi, na ndicho kinachokula pesa kimyakimya. Ukikigusa unakuta `Pay Bill`, `Buy Goods` na `Pochi la Biashara`.

`Buy Goods` ni ya dukani. Muuzaji ana namba ya tili, mara nyingi imebandikwa ukutani. Unaandika namba hiyo na kiasi, jina la duka linatokea, unathibitisha. Mnunuzi halipi ada. Mwenye duka ndiye anayekatwa kidogo.

`Pochi la Biashara` ni ya mfanyabiashara mdogo: mama mboga, bodaboda, muuza mahamri. Namba yake ni ile ile ya simu, ila pesa zinaingia kwenye mfuko wa biashara, zisichanganyike na za nyumbani. Hapa mnunuzi analipa ada kama anayetuma kwa mtu.

`Pay Bill` inahitaji namba mbili: ya shirika, na ya akaunti yako ndani ya shirika hilo. Chukua umeme wa tokeni wa Kenya Power. Namba ya shirika ni `888880`, na akaunti ni namba ya mita yako. Ya kwanza ukiikosea, jina geni litakushtua. Ya pili ukiikosea, jina litakuwa sahihi kabisa, Kenya Power, lakini tokeni itakayokuja ni ya mita ya nyumba nyingine, na ukiibonyeza kwenye mita yako itakataa. Basi namba ya mita isome tarakimu kwa tarakimu, na usitegemee kichwa.

Sasa tufanye hesabu ya kiatu. Unanunua raba za shilingi 1,500 Kongowea. Ukutani pana namba ya tili, lakini muuzaji anakwambia, "Tuma kwa hii namba yangu, na uweke ya kutolea." Anataka akipokea aweze kutoa 1,500 kamili kwa wakala, na ada ya kutoa kiasi hicho ni 29. Kwa hiyo unatakiwa kutuma 1,529. Angalia kinachofuata: 1,529 imevuka 1,500, imeingia daraja la juu ambalo ada ya kutuma ni 33 badala ya 23. Jumla inayotoka kwako ni 1,562. Kwa tili ungelipa 1,500 tu. Kiatu ni kile kile, umeongeza shilingi 62, nauli ya kurudi nyumbani.

Nionavyo mimi, penye tili lipa kwa tili. Muuzaji akikataa, hiyo ni nafasi ya kujadiliana bei, maana anachokukwepea ni makato yake. Na ukipata raba mbovu, muamala ulioandikwa jina la duka una uzito kuliko uliokwenda kwa jina la mtu usiyemjua.

Hatua ya 4: Fuliza, inayojitokeza yenyewe

Tubaki pale pale Kongowea. Salio lako ni 1,540, na unataka kutuma ile 1,529. Pamoja na ada unahitaji 1,562, umepungukiwa 22. Kama hujajiunga na Fuliza, muamala utakataliwa kwa kukosa salio. Kama umejiunga, utaulizwa kama unataka Fuliza ikamilishe, na ukikubali, raba ni zako.

Huo ni mkopo. Una ada yake ya kuanzia, na kulingana na kiasi kuna ada inayoongezeka kila siku mpaka ulipe. Tena haingoji uamue lini utalipa: pesa zozote zitakazoingia kwenye laini yako zinakatwa kwanza. Dada yako akikutumia za dawa ya mama, deni linachukua chake, na wewe unaona salio pungufu. Vijana huja dukani kwangu wakisema wameibiwa, tukifungua taarifa ya miamala tunakuta Fuliza ya wiki iliyopita. Kwa mtu mgeni kabisa, ushauri wangu ni asijiunge mpaka awe amezoea kusoma ukurasa wa kuthibitisha.

Hatua ya 5: `WITHDRAW`, ukiwa umesimama mbele ya wakala

Chagua kutoa kwa wakala, andika namba yake iliyobandikwa, kisha kiasi. Jina la duka litatokea. Lilinganishe na bango. Kabla hujathibitisha, muulize wakala, "Una taslimu?" Kuna siku noti zimeisha, na ukishabonyeza pesa zako ziko kwake huku yeye hana cha kukupa.

Usikubali kamwe kutoa kwa namba ya wakala aliye kwingine, eti mtu atazichukua huko. Kama ni ya mtu, mtumie mtu. Onyesha kitambulisho, hesabu noti papo hapo.

`AIRTIME` haina mengi: unanunua kredi yako au ya mwenzako, na hakuna ada. Ya mwenzako, soma namba mara mbili.

Hatua ya 6: Ukurasa unaotokea bila kubonyeza kitu

Mwisho tunafanya zoezi. Duka likitaka kukurahisishia, linaweza kukutumia ombi la malipo: simu inawaka, inaandika jina la biashara, kiasi, na nafasi ya PIN. Ukiwa kaunta na umekubaliana bei, ni jambo la kawaida. Likitokea umekaa barazani hukununua kitu, lifute. Vivyo hivyo kwa ombi la mtu binafsi kupitia upande wa kuomba pesa katika `SEND AND REQUEST`.

Kwenye zoezi, mmoja anamwomba mwenzake shilingi 10 kwa kitufe hicho, na aliyeombwa anasoma kwa sauti kila neno lililo kwenye skrini yake: nani anaomba, kiasi gani, na nini kitatokea akikubali. Kisha anakataa, anafungua salio, na kuonyesha kundi kwamba halikupungua. Baada ya hapo wanabadilishana zamu.