Uniti zangu zimekwenda wapi? Kagua risiti yako ya LUKU mstari kwa mstari

Mimi ni wakala hapa Ngamiani, Tanga. Nauza LUKU, natoa na kuweka pesa, basi. Mteja akiona uniti chache, wa kwanza kutazamwa kwa jicho baya ni mimi. Wengi wananunua, wanaingiza zile tarakimu ishirini, halafu meseji wanaifuta. Usiifute. Humo ndimo yalimo majibu yote, na kuyapata unahitaji kalkuleta ya simu tu.

Nitatumia risiti ya mama mmoja wa Makorora, ya Machi 2024. Alinunua umeme wa shilingi 10,000. Kwa mita yake alizoea kupata uniti 28.1, mara hii akapata 15.4. Alikuja na mwanawe mkubwa, na hawakuja kwa salamu. Meseji yake, ukiacha tokeni yenyewe na namba ya mita, ilisomeka hivi:

```
15.4 KWH
Cost 4508.20
VAT 18% 811.48
EWURA 1% 45.08
REA 3% 135.25
Debt Collected 4500.00
TOTAL TZS 10000.00
```

Hatua ya 1: Hakiki namba ya mita

Kabla ya hesabu yoyote, linganisha namba ya mita iliyo kwenye meseji na ile iliyo kwenye mita yako. Namba moja ikikosewa, umeme umemnunulia jirani, na huko hesabu haisaidii.

Hatua ya 2: Anza na mstari wa Debt Collected

Watu huanzia juu, kwenye uniti, wakaanza kulalamika. Anzia chini. `Debt Collected` ni pesa inayokatwa kwanza, kabla shilingi yoyote haijageuzwa kuwa umeme. Kwa nyumba nyingi pesa hiyo ni kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 inakusanywa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kuanzia Julai 2023 ikawa 1,500. Za ghorofa zilitoka 5,000 zikawa 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu.

Kodi hii haiangalii umenunua umeme wa kiasi gani. Inakatwa mara moja kwa mwezi, kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi huo. Ndiyo maana anayenunua kidogo kidogo inamuuma zaidi: ukiweka 2,000 tarehe mosi, inayobaki kununua umeme ni 500.

Na usiponunua mwezi mzima, haipotei. Inakusubiri. Huyu mama alikuwa kwa binti yake Pangani tangu Desemba, nyumba imefungwa, friji imezimwa. Januari, Februari na Machi, 1,500 mara tatu, ni 4,500. Ndiyo hiyo hiyo iliyoandikwa kwenye risiti.

Kwa hiyo gawanya namba ya `Debt Collected` kwa 1,500. Ikigawanyika sawasawa, na jibu likalingana na miezi uliyokaa bila kununua ukijumlisha na huu unaonunua, ni kodi ya jengo. Ikiwa haigawanyiki, tuseme 3,800 au 12,650, uliza. Huenda mita ina deni jingine, la zamani au la mpangaji aliyeondoka, na hilo TANESCO ndio wanaoweza kukufungulia rekodi yake.

Hatua ya 3: Ondoa deni, kisha gawanya kwa 1.22

Pesa inayobaki baada ya deni ndiyo ya umeme, lakini nayo haiendi yote kwenye umeme. Kuna VAT asilimia 18, tozo ya EWURA asilimia 1, na ya REA, yaani Wakala wa Nishati Vijijini, asilimia 3. Jumla ni 22.

Hapa ndipo wenye kalkuleta huteleza. Wanachukua 5,500, wanatoa asilimia 22, wanapata 4,290, halafu wanasema risiti ina makosa. Hizo asilimia hazihesabiwi kwenye pesa uliyotoa. Zinahesabiwa kwenye bei ya umeme, ule mstari wa `Cost`, kisha zinajumlishwa juu yake. Kila shilingi 100 ya umeme inakugharimu 122. Kurudi nyuma unagawanya:

```
(10000 - 4500) / 1.22 = 4508.20
```

Sawa na risiti. Ukitaka kuhakiki kila tozo, asilimia 18 ya 4,508.20 ni 811.48, asilimia 1 ni 45.08, na asilimia 3 ni 135.25. Ukijumlisha yote na deni utapata 10,000.01. Hiyo senti moja ni ya kukadiria desimali, si mtu kala.

Asilimia usizikariri. Tumia zilizoandikwa kwenye risiti yako ya siku hiyo. Moja ikibadilika, jumlisha upya, na hiyo 1.22 ubadilishe.

Hatua ya 4: Gawanya Cost kwa uniti, ujue uko kundi gani la bei

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, kwa sababu inamaliza ubishi wa "mbona jirani kapata nyingi?" Chukua `Cost`, gawanya kwa uniti ulizopata:

```
4508.20 / 15.4 = 292.7
```

Ukipata 292 au karibu yake, uko T1, bei ya matumizi ya kawaida, ambapo uniti ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo. (Ile nusu ya shilingi na ushei inatokana na risiti kuandika uniti kwa desimali moja.) Ukizidisha 292 kwa 1.22 unapata 356.24, ndiyo bei halisi ya uniti moja mfukoni mwako. Sasa upungufu wa huyu mama unaeleweka wote: 4,500 ikigawanywa kwa 356.24 ni uniti 12.6, ndizo zilizomfanya aje na mwanawe.

Ukipata 100, uko D1, kundi la watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Hao kila uniti wanainunua kwa 122 ukishajumlisha kila kitu. Uniti 75 zinatimia kwa 9,150, na namba hiyo wateja wangu wa D1 wanaijua kuliko siku zao za kuzaliwa.

Lakini D1 ina mtego. Ukivuka uniti 75 ndani ya mwezi mmoja, kila inayozidi inauzwa 350, ambayo pamoja na kodi na tozo ni 427. Kinachohesabiwa ni ulizonunua mwezi huo. Kama zipo kwenye mita hujazitumia, hiyo haikusaidii. Mchukue mpangaji wa D1 anayenunua 5,000 kila mara, mwezi mmoja:

Mara ya kwanza inakatwa kodi ya jengo 1,500, inabaki 3,500, anapata uniti 28.7. Mara ya pili haina deni, anapata 41.0, anafurahi. Mara ya tatu anapata 15.5 tu, anakuja kwangu mbio. Hakuna aliyeiba. Alishanunua uniti 69.7, zilibaki 5.3 za bei nafuu, na pesa iliyosalia ikanunua nyingine kwa 350. Akirudi mara ya nne atapata 11.7.

Kwa hiyo mgawo wako ukitoka katikati, tuseme 264 kama wa ile mara ya tatu, maana yake ni D1 aliyevuka mstari wa 75 ndani ya manunuzi hayo hayo. Ukitoka 350, alishavuka zamani. Mtu wa D1 akiwa na akiba ya kumfikisha tarehe mosi, namwambia asubiri. Pesa ile ile ya uniti 11.7 leo, keshokutwa mwezi mpya ukiingia itampa 28.7 hata baada ya kukatwa kodi ya jengo.

Na D1 si cheo cha kudumu. Anayezidi 75 mwezi baada ya mwezi anaweza kuhamishiwa T1. Kama mgawo wako ulikuwa 100 miezi yote, ghafla umekuwa 292 tangu manunuzi ya kwanza ya mwezi, umehamishwa.

Kuna wazee hapa mtaani bado wanasema wanakatwa "sevisi chaji". Ile ya T1 ilikuwa 5,520 kwa mwezi, na iliondolewa Aprili 2016. Wanachokiona leo ni kodi ya jengo.

Hatua ya 5: Hakiki kwenye mita

Kabla ya kuingiza tokeni, andika uniti zilizopo kwenye mita. Ingiza, kisha toa. Mita ikionyesha 3.2 kabla na 18.6 baada, tofauti ni 15.4, mita imepokea kamili. Uniti zikiisha upesi baada ya hapo, mtafute fundi umeme aangalie friji, pasi, na waya unaovujisha. Risiti iacheni.

Ada ya mtandao wa simu, kama ipo, haimo kwenye risiti ya LUKU. Inakatwa kwenye salio lako pembeni, iangalie kwenye meseji ya muamala.

Ukikuta kosa la kweli

Mawili nimeyaona zaidi. La kwanza ni nyumba moja yenye mita mbili au tatu, kila mita inakatwa 1,500. Nyumba moja inatakiwa kulipiwa mara moja. La pili ni nyumba ya chini inayokatwa 7,500, kwa sababu imesajiliwa kama ghorofa.

Kodi hii ni ya TRA, TANESCO wanaikusanya tu kupitia mita. Nenda TRA na risiti za mita zote zinazokatwa, za mwezi mmoja, namba za mita, na uthibitisho kwamba zote ziko nyumba moja. Risiti ya mita moja peke yake haionyeshi kwamba umekatwa mara mbili.

Mpangaji naye aelewe kwamba mdaiwa wa kodi ya jengo ni mwenye nyumba. Mita ikiwa inakukata wewe, tunza hizo meseji, jumlisha mistari ya `Debt Collected`, na mkubaliane ipunguzwe kwenye kodi ya pango. Yule mama wa Makorora ana mpangaji wa chumba cha uani mwenye mita yake. Tulipofungua meseji za mpangaji huyo tukaona naye alikuwa akikatwa 1,500 kila mwezi, kwa nyumba hiyo hiyo. Wiki ile ile wakaenda TRA pamoja.