Kostiki soda ikikurukia jichoni: maji kwanza, lenzi baadaye

Kwenye kliniki ya macho ninakofanya kazi ya uuguzi alikuja dada mmoja anayetengeneza sabuni za miche nyumbani. Alikuwa amemimina maji juu ya kostiki soda ndooni, badala ya kutia kostiki kidogo kidogo ndani ya maji. Ikachemka ghafla, ikamrukia jicho la kulia, na alikuwa amevaa lenzi. Akakimbilia kwenye kioo, akahangaika kuivua lenzi kwa vidole vilevile vilivyoshika kostiki. Dakika kama tano zikapita bila tone la maji.

Dakika hizo tano ndizo zilizomgharimu. Asidi ya betri hugandisha protini za juu ya jicho, na ule mgando huizuia kidogo isizame. Kostiki, chokaa na saruji mbichi hazina kizuizi hicho. Huyeyusha mafuta ya utando wa jicho, kama kostiki inavyogeuza mawese kuwa sabuni, na huendelea kuzama hata mtu akidhani imekwisha.

Hatua ya kwanza ni maji, papo hapo. Ya bomba au ya kisima yanafaa, mradi ni safi. Usipoteze muda kutafuta ya kuchemsha. Lala ubavu au inamisha kichwa, jicho lililoumia liwe chini, ili maji yasibebe kostiki hadi jicho lisiloumia. Mwenzako amimine polepole kwa jagi, kuanzia upande wa pua kwenda nje. Huku unasuuza, mikono nayo isafishwe.

Hatua ya pili ni kulifungua jicho. Litajifunga lenyewe kwa maumivu, na maji yatapita juu ya kope tu. Mtu mwingine ashike kope ya juu na ya chini, wewe uangalie juu, chini, kushoto, kulia. Chokaa na saruji hujificha chini ya kope ya juu. Ukiona chembe, isukume kwa maji au kwa kitambaa safi kilicholowa.

Hatua ya tatu ndiyo ya lenzi. Mara nyingi maji huiondoa yenyewe. Ikibaki baada ya dakika chache, itoe kwa vidole vilivyooshwa, kisha endelea kusuuza. Lenzi laini hunyonya kemikali na kuibana juu ya jicho, kwa hiyo haifai kuachwa humo. Haifai kuvaliwa tena pia: itupe.

Hatua ya nne ni kutokata tamaa na saa. Suuza dakika 20 angalau; kwa kostiki, chokaa au saruji, nusu saa. Ndoo moja ya lita 20 inaweza kuisha kabla, basi mtu aende akachote nyingine. Halafu hospitali, na chombo cha kemikali mkononi. Kule tutapima kwa karatasi ya pH, inayoonyesha kama kostiki bado ipo: tunataka ifike 7 hivi, na tunarudia baada ya dakika chache, maana kostiki iliyozama hurudi juu. Huyo dada tulimsuuza upya zaidi ya saa moja.

Jambo moja huwadanganya wengi: jicho jekundu huwapa hofu, jeupe huwatuliza. Baada ya kostiki, weupe unaweza kumaanisha mishipa ya damu imeungua.

Maswali ya wanachama

*Dada nesi, kwetu tunaweka maziwa ya mama. Kuna ubaya?*
Ubaya wake ni muda unaopotea na vijidudu vinavyoingia. Ndimu na siki nazo usiweke ukidhani zitaua kostiki; zikikutana hutoa joto ndani ya jicho.

*Mimi ni fundi wa grili. Chembe ya chuma imeniingia wakati wa kukata kwa grainda. Nisuuze pia?*
Kaka, vumbi linaloelea suuza. Lakini kilichochoma au kujikita usikiguse kwa kiberiti wala ncha ya leso, na usikimwagie maji. Funika kwa kikombe cha karatasi bila kukandamiza, kaa wima, nenda. Ukiona mboni imevutika kama tone, chuma huenda kimepenya ndani. Usile wala kunywa njiani, upasuaji unaweza kuhitajika.

*Mvaaji wa lenzi akikwaruzwa jicho, afungwe bendeji?*
Hapana. Kwa mvaaji wa lenzi, joto na unyevu chini ya bendeji hukuza bakteria wanaoweza kuharibu konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, kwa siku moja au mbili. Mwambie daktari kwamba unavaa lenzi, atachagua dawa kwa kuzingatia hilo. Rangi ya machungwa tunayoweka kutafuta mkwaruzo nayo huchafua lenzi laini isitoke tena.

*Nirudie lini kuvaa?*
Daktari akishaona kidonda kimefunga na dawa zimeisha. Kibweta cha zamani usikirudie, nunua kipya. Na ukipika sabuni vaa miwani ya kinga iliyoziba pembeni. Lenzi ziache mezani.