SOMO: Kumjua mshirika anayevuna kamisheni kwa kuponi tu

Kila wiki mtu anauliza: "Mauzo ya mshirika yamepanda, mbona faida haionekani?" Naandika mara moja kwa wenye maduka ya mtandaoni wanaolipa washirika kamisheni kwa wateja wanaokuja kupitia viungo vyao, someni mpaka mwisho.

1. Pakua ripoti ya oda mojamoja, si ya muhtasari.

2. Toa oda zilizoghairiwa na bidhaa zilizorudishwa.

3. Muda wa kubofya kiungo weka safu A, muda wa oda safu B. Tofauti kwa dakika:

```
=(B2-A2)*1440
```

4. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Wakiona dakika mbili tu wanamfukuza mshirika. Msifanye hivyo! Bidhaa ya bei ndogo mtu huinunua papo hapo hata akitoka kwenye makala nzuri. Angalieni mambo matatu kwa pamoja: muda mfupi, karibu kila oda ina kuponi, na mteja alishaweka bidhaa kikapuni kabla ya kubofya kiungo. Yakikutana yote, mteja alikuwa tayari analipa, akaona kisanduku cha kuponi, akatoka kuitafuta, akarudi na kiungo cha mshirika. Kwa kuwa mfumo humpa kamisheni aliyebofyewa mwisho, aliyemleta mteja mwanzo anakosa.

5. Piga hesabu ya oda moja. Kiatu cha 50,000, faida kabla ya gharama hizi 12,500. Kuponi ya asilimia 10 inakula 5,000. Kamisheni ya asilimia 8 ya 45,000 ni 3,600. Unabaki na 3,900 kwa mteja ambaye angelipa bei kamili.

6. Shusha kamisheni ya oda zenye kuponi kwa wiki chache, kisha tazama mauzo ya duka zima, si ya mshirika huyo. Yasipotikisika, jibu umelipata. Epuka kipindi cha sikukuu.

Juma_duka: Mkuu, kwa hiyo nifute washirika wote wa kuponi?

Mwandishi: Hatua ya 4 na ya 6. Soma tena.

Zawadi K: Shikamoo kaka. Wangu hana kuponi kabisa. Mibofyo ni mingi mno, wanaonunua wachache, na oda zinakuja siku nyingi baada ya kubofya.

Mwandishi: Marahaba dada, swali zuri sana. Huenda anapandikiza kuki kwenye vivinjari vya watu ambao hawakubofya chochote, mfumo unahesabu kama wamebofya, halafu anasubiri wanunue wenyewe. Muulize kiungo kimewekwa ukurasa gani, ufungue uone kwa macho yako. Akikwepa kuuonyesha, zuia malipo wakati unachunguza, kama mkataba unaruhusu.

Babu Oda: Mimi nilificha kisanduku cha kuponi, kinatokea kwa aliyekuja na kiungo chenye punguzo tu. Wanaotoka kikapuni kwenda kutafuta kuponi wamepungua.

Mwandishi: Hiyo nzuri, babu. Na kila mshirika apewe kuponi yake. Ya mwandishi wa makala ikianza kutumika kupitia kiungo cha tovuti ya kuponi, utajua imeokotwa.