Jinsi ya kuingiza mkopo wa benki vitabuni bila kuchanganya riba na deni la msingi

Tuchukue kampuni ya vipuri vya magari, Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Imekopa shilingi 600,000 kwa miezi 24, riba ya asilimia 18 kwa mwaka, inayokokotolewa kwenye salio linalopungua. Benki imekata ada ya 12,000, ikaweka 588,000 kwenye akaunti.

Kabla ya kuandika chochote, iombe benki jedwali la marejesho. Fungua akaunti tatu kwenye leja: Mkopo wa Benki (deni), Riba ya Mkopo (gharama) na Ada ya Mkopo Iliyolipwa Mapema (mali).

Siku pesa zinapoingia, debiti Benki 588,000, debiti Ada 12,000, krediti Mkopo 600,000. Wengi huandika deni la 588,000 kwa sababu ndicho kiasi wanachokiona kwenye akaunti, na tangu siku hiyo salio lao haliwezi kulingana na la benki. Kampuni inadaiwa 600,000 yote. Ile ada ihamishie kwenye gharama kidogo kidogo, 500 kila mwezi kwa miezi 24.

Sasa marejesho. Kila mwezi benki inakata 29,954, na makato hayo yana vitu viwili ndani yake. Mwezi wa kwanza riba ni 600,000 mara asilimia 1.5, yaani 9,000, na 20,954 zinazobaki zinapunguza deni. Kwa hiyo debiti Riba 9,000, debiti Mkopo 20,954, krediti Benki 29,954. Deni limebaki 579,046. Mwezi wa pili riba inashuka hadi 8,686, msingi unapanda hadi 21,268, na deni linabaki 557,778. Makato hayabadiliki, mgawanyo ndio unaobadilika, kwa hiyo usinakili maingizo ya mwezi uliopita.

Kosa kubwa ni kuyaweka makato yote kwenye gharama. Kwa miezi hii miwili tu gharama ingesomeka 59,908 badala ya 17,686, na faida ingepungua kwa 42,222 isivyo haki. Kurudisha msingi si gharama, na kodi ya kampuni ya asilimia 30 kwenye kiasi hicho ni kama 12,667, ambazo KRA ikikagua itazidai pamoja na adhabu.

Kosa hili linaonekana upesi: akaunti ya Mkopo inabaki 600,000 mwezi baada ya mwezi. Ukikosea kinyume chake, ukaweka makato yote kwenye Mkopo, deni litaisha vitabuni wakati benki bado inadai, kisha salio lihamie upande wa debiti.

Mwisho wa kila mwezi linganisha salio la leja na taarifa ya akaunti ya mkopo, si ya akaunti ya kawaida. Tofauti ikitokea, angalia kwanza kama benki imebadilisha kiwango cha riba au imetoza faini ya kuchelewa. Riba ikibadilika, jedwali la zamani halifai tena, omba jipya. Faini nayo iwe na akaunti yake ya gharama, isichanganywe na riba.