Floti hasi: tazama na njia ya pili

Kama unapanga kazi kwenye MS Project na mteja ameng'ang'ania tarehe yake, usiifunge kazi ya mwisho kwa `Must Finish On`. Kwa mpangilio wa kawaida programu itaibandika hapo hata kama kazi zilizotangulia hazijaisha, na chati itakudanganya. Weka tarehe kwenye `Deadline`, kisha fungua safu ya `Total Slack`, yaani floti: siku ambazo kazi inaweza kuchelewa bila kuvuka tarehe hiyo. Ikiwa hasi, tayari umechelewa kwa siku hizo.

Chukua jengo la madarasa. Mtandao wa kazi unatoa siku 140, mteja anataka 128. Njia ndefu zaidi ya kazi zinazofuatana, ya kuta, lenta na paa, itasoma -12. Njia ya shimo la maji taka na mabomba, siku 133, itasoma -5, na hii ndiyo husahaulika.

Fundi akianza kenchi upande ambao lenta imeshakomaa, bila kusubiri upande wa pili, tuseme unaokoa siku 8. Kuta zinabaki -4, na sasa mabomba ndiyo yanayokuchelewesha. Ukiongeza mafundi kwenye kuta unatupa hela; utamaliza siku ya 133 vilevile. Peleka vibarua shimoni kwanza.

Zile siku 4 za kuta zikigoma kupungua, usifute siku za kumwagilia zege ili safu isome 0 (nimeona ikifanyika, na nyufa zake pia). Mwandikie mteja mapema: ama siku 132, ama plasta ya nje ifanyike baada ya makabidhiano.